Silabi ndani ya visoda: seti ya visoda 40 ya kumfundisha mtoto kusoma

Kila anayetaka kumtengenezea mtoto visoda vya kusomea huuliza maswali yaleyale. Nianze na herufi mojamoja au na silabi? Nihitaji visoda vingapi? Mbona karatasi zinabanduka baada ya siku tatu? Na mbona mtoto anasoma "ol" wakati nimeandika "lo"? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa kutengeneza seti moja kamili ya visoda 40. Inamfaa mtoto wa darasa la awali au la kwanza, na inatosha kuunda maneno zaidi ya thelathini ya Kiswahili.

Tunatumia silabi kwa sababu ndivyo Kiswahili kilivyo. Karibu kila silabi yetu huishia na irabu, na inasomwa vilevile popote itakapokaa. "Ta" ya taa ndiyo "ta" ya bata na ndiyo "ta" ya kitabu. Mtoto akishaijua silabi hataifuta kichwani kesho kwa kukutana nayo kwenye neno jingine. Kwa hiyo kila kisoda kinabeba silabi nzima, si herufi moja.

Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Visoda 50. Utatumia 40, lakini kumi hivi vitakuwa vimekunjwa vibaya na opena. Mwombe muuza soda au mwenye baa akuwekee kwenye kopo. Siku mbili tatu zinatosha. Jitahidi viwe vya soda ya aina moja, sababu utaiona mbele.
- Manila nyeupe ukubwa wa karatasi ya A4, moja tu. Usipokuwa nayo, boksi la dawa ya meno au la biskuti lililokunjuliwa, upande usio na maandishi.
- Maka peni mbili: nyeusi na nyekundu. Kalamu ya kawaida ina mstari mwembamba mno. Mtoto aliyekaa ng'ambo ya mkeka hataona.
- Rula, penseli, mkasi.
- Selotepu pana, ile ya kufungia maboksi.
- Gundi nyeupe ya maji, kichupa kidogo.
- Kipande cha msasa, au msumari.
- Trei moja ya mayai ya karatasi, ile ya mayai 30.
- Soksi ndefu isiyo na tundu.

Onyo moja kabla ya yote: kisoda ni kidogo kiasi cha kuingia kinywani na kukwama kooni. Kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, seti hii isiachwe sakafuni hata kwa dakika moja.

Kutengeneza

1. Loweka visoda kwenye maji ya moto yenye sabuni kwa nusu saa, visugue ndani kwa mswaki mkuukuu, visuuze. Usiruke hatua hii kwa kuona vinang'aa: sukari iliyoganda kwenye ukingo italeta sisimizi usiku wa kwanza. Vikaushe juani siku hiyohiyo, mdomo ukiangalia chini. Kisoda kinacholala na maji huanza kutu kwenye meno yake.

2. Chagua 40 vilivyo bora. Kilichopinda kidogo kilaze kwenye ubao, mdomo juu, uweke ncha ya mchi mdogo ndani yake na kugonga taratibu mpaka kitako kikae sawa. Meno yakiwa yamechomoza nje, yagonge yarudi ndani. Pitisha kidole chako kuzunguka ukingo. Kikikukwaruza wewe, kitamkata mtoto.

3. Kwaruza kitako cha ndani kwa msasa au msumari. Visoda vya siku hizi vina utando laini wa plastiki ndani, nao haushiki gundi ya maji. Hii ndiyo sababu ya karatasi kubanduka, na watu wengi huilaumu gundi. Kwaruza mpaka utando upoteze mng'ao, au uung'oe kabisa kama unatoka wenyewe.

4. Chora kwenye manila mstatili wa sentimita 15 kwa 24, kisha ugawe kwa miraba ya sentimita 3. Utapata safu 8 za miraba mitano, yaani miraba 40 kamili.

5. Andika silabi kabla ya kukata. Ukikata kwanza, viduara vitakuwa vinateleza chini ya kalamu na maandishi yatakwenda upande. Jaza hivi:

a e i o u
ba be bi bo bu
ka ke ki ko ku
la le li lo lu
ma me mi mo mu
ta te ti to tu
a ma ba bi ka
ku la to m m

Safu sita za juu ni silabi zote za seti. Mbili za chini ni nakala, kwa sababu huwezi kuandika baba kwa "ba" moja, wala mtoto kwa "to" moja. "A" imepewa nakala kwa kuwa taa, kaa na kiatu zote huigombania. Hizo "m" mbili zilizosimama peke yake zina kazi maalumu tutakayoifikia.

Andika herufi ndogo, si kubwa, na "a" iwe ile ya mviringo yenye kimkia kama walimu wanavyoiandika ubaoni, si ile ya kwenye gazeti yenye kofia. Kimo cha "a" au "m" kiwe milimita 7 hivi, na "b" au "k" ifike milimita 12.

6. Sasa chukua maka peni nyekundu na uchore mstari mfupi chini ya kila silabi, milimita 2 chini ya herufi. Mstari huu ndio unaorukwa kwenye seti nyingi, na bila huo seti inaharibika. Kisoda ni duara, hakina juu wala chini. Mtoto akikishika kimepinduka, "lo" inageuka kuwa "ol", na "m" inakuwa "w". Ukimwambia amekosea, atakushangaa, maana amesoma sawasawa kile anachokiona. Mfundishe sheria moja tu siku ya kwanza: mstari mwekundu ni sakafu, na herufi husimama juu ya sakafu. Kabla ya kusoma, kila kisoda kinazungushwa mpaka sakafu ije upande wa tumbo lake.

7. Subiri dakika tano wino ukauke, kisha funika ukurasa mzima kwa selotepu pana. Ukiharakisha, selotepu itaburuta wino na "b" itageuka doa.

8. Katikati ya kila mraba chora duara la upana wa sentimita 2.4, ulikate. Kama huna bikari, bonyeza kisoda kwa nguvu juu ya mraba. Meno yataacha alama ya duara. Kata ndani ya alama hiyo, milimita 4 kutoka ukingoni. Jaribu kimoja kwanza. Kinatakiwa kulala chini kabisa ya kisoda bila kukunjika.

9. Tia tone la gundi la ukubwa wa punje ya mahindi ndani ya kisoda, siyo kwenye karatasi, kisha weka kiduara na ukibonyeze kwa kidole gumba kuanzia katikati kwenda nje. Acha kivulini nusu siku. Jua kali hukausha juu kabla ya chini, na karatasi hujikunja kama jani.

10. Panga visoda kwenye trei ya mayai. Trei ina mashimo 30, matano kwa sita, sawa kabisa na safu sita za kwanza za silabi. Nakala zikae juu ya wenzake kwenye shimo moja, na zile "m" mbili ziwekwe kwenye shimo la "mu". Ukimaliza mchezo, mtoto mwenyewe ndiye arudishe kila silabi kwenye shimo lake. Kisoda kilichopotea kinajulikana hapohapo, na kazi hiyo ya kurudisha ni zoezi la kusoma ambalo haoni kama ni zoezi.

Kucheza

Usimwage visoda vyote 40 mbele ya mtoto anayeanza. Wiki ya kwanza toa vya "a" tu, pamoja na nakala zake: a, ba, ka, la, ma, ta. Tayari hapo kuna mama, baba, kaka, lala, taa, kaa, bata, kata na kamata. Wiki ya pili ongeza vya "i". Usichelewe kufanya hivyo, kwa sababu mtoto aliyekaa na "a" pekee hujifunza kutazama herufi ya kwanza tu na kumalizia kwa "a" bila kuangalia. "I" ikiingia, analazimika kuangalia mpaka mwisho. Kisha "u", kisha "o", na "e" mwishoni. Ukiona bado anababaika, usiongeze. Wiki moja ni kipimo tu, siyo amri.

Mchezo wa kwanza ni wa soksi. Weka visoda vinane hadi kumi ndani ya soksi. Mtoto anatoa kimoja bila kuchungulia, anakizungusha sakafu ije kwake, anasoma. Akipatia, ni chake. Akikosa, unamsomea wewe, anarudia, kisoda kinarudi ndani ya soksi. Wakicheza wawili au watatu wanapokezana, na mwenye visoda vingi soksi ikiisha ndiye mshindi. Dakika kumi zinatosha. Faida ya soksi ni kuvunja mpangilio. Watoto wengi huimba "ba be bi bo bu" vizuri sana huku macho yakiwa dirishani. Wanakumbuka wimbo, hawasomi. Kisoda kikitoka peke yake, wimbo haumsaidii.

Mchezo wa pili ndio wenye kazi kubwa: kujenga neno. Unataja neno, mtoto analipigia makofi kwa silabi, kisha anatafuta visoda na kuvipanga kutoka kushoto. Tuchukue neno kiatu. Mtoto anapiga ki-a-tu, makofi matatu, kwa hiyo anajua anahitaji visoda vitatu kabla hata hajatafuta. Anaweka "ki", anaweka "a", anaweka "tu". Kisha, na hili usiliache, anapitisha kidole chini ya visoda vyote na kulisoma neno zima kwa mfululizo. Akipanga "ki" na "tu" tu, usimwambie amesahau "a". Mwambie apige tena makofi na ahesabu visoda. Atagundua mwenyewe kuwa kofi moja halina kisoda.

Akishaweza hapo, ingia kwenye kubadilisha kisoda kimoja. Mwambie apange bata. Sasa mwambie: ondoa kisoda kimoja tu, niletee bati. Anatakiwa kutambua kwamba "ba" inabaki na "ta" ndiyo inayopisha "ti". Kutoka bati aende boti: safari hii wa mbele ndiye anayetoka. Kutoka boti, koti. Kutoka koti, kiti. Maneno matano kwa visoda sita, na yote ni vitu anavyovijua kwa macho. Hapa ndipo utajua kama mtoto anasoma au amekariri maneno mazima, kwa sababu aliyekariri atabomoa neno lote na kuanza upya kila mara, wakati anayesoma atagusa kisoda kimoja.

Halafu zile "m" mbili. Mtoto akishazoea silabi zenye irabu, mpe neno mti. Apige makofi: m-ti, mawili. Hiyo "m" haina irabu lakini ina kofi lake, kwa hiyo ina kisoda chake. Endelea na mtu, mlima, mkate, mkeka, mtoto. Wengi hukosea kwa kuandika mkate kama "mukate", kwa kuchukua "mu" kutoka kwenye trei. Dawa yake ni kumsomea alichopanga kama kilivyo, "mu-ka-te", naye atasikia kuwa siyo unavyotamka. Maneno mengine ya seti hii: babu, bibi, kuku, tatu, meli, moto, kobe, kitabu, kalamu, ubao, tai, ua.

Ukiwa na watoto wengi, cheza jozi. Chukua silabi zenye nakala, yaani a, ma, ba, bi, ka, ku, la, to na m. Ni jozi tisa, visoda 18. Vigeuze vyote kifudifudi. Mtoto anafunua viwili na kuvisoma kwa sauti. Vikifanana anavichukua, visipofanana anavirudisha. Hapa ndipo utakapoona kwa nini tulitaka soda ya aina moja. Visoda vikiwa vya rangi mchanganyiko, mtoto atakumbuka kwamba "ku" iko chini ya soda ya machungwa na atashinda kila mara bila kusoma silabi hata moja. Kama huna namna, paka migongo yote rangi moja kwa mabaki ya rangi ya mlango.

Kuongeza seti

Mtoto akisoma silabi zote 30 nje ya mpangilio bila kusita, tengeneza manila ya pili kwa n, p na s. Utapata papai, paka, samaki, simu, sabuni, sita, tano na nane. Kumbuka nakala ya "pa" na kisoda kimoja cha "n" peke yake, kwa ajili ya nne, na baadaye nchi utakapofika kwenye ch. "D" ingoje mpaka "b" ikomae kabisa, maana b na d ni umbo moja lililogeuzwa. Vilevile "r" iwekwe mbali na "l" kama mtoto anatoka kwenye nyumba ambayo lugha yake ya kwanza haizitofautishi sauti hizo mbili.

Mwisho kabisa huja mb, nd, ng, nj, ny, ch na sh. Hapa usigawanye: "mbu" ya mbuzi ni kisoda kimoja, wala usiitengeneze kwa kuunganisha "m" na "bu". Mbuzi lina makofi mawili, mbu-zi. Mti nalo lina mawili, m-ti. Makofi ndiyo yatakayokuambia lini "m" inasimama peke yake na lini imebebwa na mwenzake. Ushtuke kidogo ukifika kwa mbu, yule mdudu: kwa kuwa neno ni fupi sana, "m" yake hupata kofi lake, m-bu. Liache neno hilo mpaka mtoto awe amekomaa.

Mambo yakiharibika

*Karatasi inabanduka.* Utando wa ndani haukukwaruzwa vya kutosha, au kiduara ni kipana na kinasukumwa juu na kuta za kisoda. Kitoe, kwaruza, punguza milimita moja, gundisha upya.

*Madoa meusi na harufu ya uvundo.* Umetumia gundi ya uji wa unga kwa sababu ya kubana matumizi. Inashika, lakini ikifungiwa ndani ya kisoda huota ukungu na kuita mende. Ukilazimika kuitumia, paka safu nyembamba sana na uache wazi siku mbili nzima kabla ya kuhifadhi.

*Mtoto anasema "ma-a" akiona "ma".* Amefundishwa kutaja herufi mojamoja, na anajaribu kuziunganisha kwa majina yake. Usibishane naye. Rudi kwenye mchezo wa soksi kwa visoda vitano tu, wewe ukisoma kwanza na yeye akifuata, siku tatu mfululizo.

*Anasoma silabi zote lakini neno halimwingii: anasema "ki… ta… bu" na hajui amesema nini.* Anachukua muda mrefu mno kwenye kila silabi, kiasi kwamba akifika ya tatu ya kwanza imeshapotea. Visogeze visoda vigusane, apitishe kidole bila kusimama, na uanze na maneno ya silabi mbili. Yale ya silabi tatu yangoje.

*Anachanganya "bi" na "be", au "ko" na "ku".* Ondoa kimoja kwenye mchezo kwa wiki nzima mpaka mwenzake akae kichwani. Kuviweka vyote viwili mezani ili "azitofautishe" huzidisha mkanganyiko.

*Anachoka dakika ya tano.* Visoda ni vingi mno kwenye soksi. Punguza mpaka viwe sita, vinne kati yake viwe vile anavyovijua tayari.

*Meno yameanza kutu.* Hicho kitupe, usikisugue. Toa kiduara taratibu kwa ncha ya kisu. Selotepu ikiwa imekilinda, kitahamia kwenye kimojawapo cha vile visoda kumi vya akiba ukishakinyoosha.